Maduka chini, fleti juu: hesabu ya VAT ya jengo moja Nakuru

Ritani ya VAT ya mwezi wa Mei inafunguliwa kwenye iTax na mfumo tayari umeshaijaza kutokana na ankara za kielektroniki za eTIMS. VAT ya mauzo, anayowatoza wapangaji, ni shilingi 76,800, na VAT ya manunuzi, aliyowalipa wauzaji na mafundi, ni 80,800. Kwa picha hiyo mwenye jengo hadaiwi kitu. Tena anabakiwa na salio la 4,000 la kupeleka mwezi ujao. Ukweli ni kwamba anadaiwa shilingi 38,409.60. Mfumo haukukosea kujumlisha. Unajua tu kwamba ankara zilikatwa kwa PIN yake. Haujui ni ipi ilikuwa ya maduka, ipi ya fleti, na ipi ya sebuleni kwake.

Jengo lenyewe ni la mfano, lakini majengo ya aina hii yamejaa katika kila mji wa Kenya. Chini kuna maduka 6, kila moja mita za mraba 120, na pango la kila duka ni shilingi 80,000 kwa mwezi bila VAT. Juu kuna fleti 11, kila moja mita za mraba 80. Fleti 10 zina wapangaji wanaolipa 32,000 kila mmoja, na ya 11 anaishi mwenye jengo na familia yake. Humu tutasema "pango" kwa fedha za mpangaji na "kodi" kwa fedha za serikali, kwa sababu neno kodi likibeba yote mawili, hesabu hii haisomeki.

Pango la duka linatozwa VAT ya asilimia 16. Pango la nyumba ya kuishi limesamehewa VAT katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya VAT ya 2013. Kusamehewa si sawa na kutozwa kwa kiwango sifuri, na wengi huteleza hapo. Anayeuza bidhaa nje ya nchi kwa kiwango sifuri bado anahesabiwa kuwa ameuza kitu kinachotozwa VAT, hivyo VAT aliyolipa kwenye manunuzi ya mauzo hayo anairudisha. Mwenye fleti hatozi VAT, lakini pia VAT ya rangi na mabomba ya fleti hizo haimrudii. Inabaki kuwa gharama yake.

Pango la maduka kwa mwaka ni 5,760,000, nalo linavuka kiwango cha milioni 5 cha kujisajili kilichowekwa na sheria hiyo. Pango la fleti halihesabiwi katika kupima kiwango hicho. Likija suala la kugawa VAT ya manunuzi, hata hivyo, pango la fleti linarudi mezani na linauma.

Ankara nane za mwezi

Kabla ya kanuni yoyote, kila ankara inasomwa peke yake na kuulizwa swali moja: kitu hiki kilinunuliwa ili kupata nini?

Fundi wa mageti ya kukunja na vigae vya mbele ya maduka alilipwa 150,000, VAT 24,000. Kazi yote ni ya maduka. VAT hii anaidai nzima, yaani anaipunguza kwenye VAT ya mauzo.

Rangi na mabomba ya fleti za wapangaji ni 100,000, VAT 16,000. Kazi yote ni ya mauzo yaliyosamehewa, kwa hiyo hakuna kinachodaiwa.

Kampuni ya walinzi ni 90,000, VAT 14,400. Walinzi wanalinda jengo zima, pamoja na mlango wa mwenyewe.

Umeme wa mita ya pamoja ni 40,000, VAT 6,400. Wapangaji wote wana mita zao na hujinunulia tokeni. Mita ya pamoja inaendesha pampu ya kisima, taa za ngazi na taa za usalama, na fleti ya mwenye jengo pia imeunganishwa hapo kupitia mita ndogo.

Simu na intaneti ni 10,000, VAT 1,600. Laini ni moja, kwa kazi na kwa familia.

Mhasibu ni 30,000, VAT 4,800. Anashughulikia vitabu vya jengo lote.

Matengenezo ya gari dogo la mwenye jengo ni 25,000, VAT 4,000.

Sofa ni 60,000, VAT 9,600. Ipo sebuleni kwake. Muuzaji alimwomba PIN, akampa ile ile.

Mbili za mwisho zinatoka mara moja. Sofa ni ya nyumbani, na PIN kuwepo kwenye ankara hakuigeuzi kuwa ya biashara. Gari nalo lina katazo lake: kifungu cha 17(4) kinazuia VAT ya gari la abiria, matengenezo yake na vipuri vyake, isipokuwa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza au kukodisha magari hayo. Tunaulizwa mara nyingi kama mtu anaweza kudai nusu kwa kuwa gari hilo hutumika kufuatilia mapango. Hawezi. Hapa hakuna kugawa kwa matumizi. Aina ya gari ndiyo inayoamua. Pikapu ya kubebea saruji ni habari nyingine, nayo ingegawanywa kama vitu vingine.

Tumebakiwa na walinzi, umeme, simu na mhasibu. VAT yao kwa jumla ni 27,200, na hapa ndipo kazi ilipo.

Ungo wa kwanza: matumizi ya binafsi

Sheria inaruhusu kudai VAT ya manunuzi kwa kiasi ambacho kitu kilinunuliwa ili kufanya mauzo yanayotozwa. Maneno "kwa kiasi ambacho" ndiyo msingi wa ungo huu. Mtu akitumia asilimia 60 ya simu kuongea na jamaa, VAT ya asilimia 60 hiyo haina mahali pa kudaiwa.

Kwa nini matumizi ya binafsi yaondolewe peke yake, wakati kuna kanuni ya kugawa inayokuja mbele? Kwa sababu kanuni ile inagawa kwa thamani ya mauzo, na matumizi ya binafsi hayana mauzo. Fleti anayoishi mwenyewe haileti hata shilingi, hivyo haionekani popote katika uwiano. Ukiingiza VAT nzima ya simu kwenye kanuni, kanuni itadhani kwamba kila dakika ya simu ilikuwa ya maduka au ya fleti za wapangaji. Sehemu ya binafsi itapita bila kuguswa.

Kipimo hakiwezi kuwa kimoja kwa vitu vyote. Kila ankara inataka kipimo kinachofanana na jinsi kitu kinavyotumika.

Kwa umeme kipimo kipo ukutani. Mita ya pamoja ilisoma uniti 1,250 na mita ndogo ya fleti ikasoma 250, ambayo ni asilimia 20. VAT ya 6,400 inapunguzwa 1,280 na kubaki 5,120. Huo uliobaki ni wa pampu na taa, ambavyo fleti ya mwenyewe nayo inavifaidi. Jengo lina mita za mraba 1,600 za kukodishwa na kukaliwa: maduka 720 na fleti 880. Fleti yake ya 80 ni asilimia 5. Asilimia 5 ya 5,120 ni 256, na kinachobaki ni 4,864.

Walinzi wanapimwa kwa eneo hilo hilo. Asilimia 5 ya 14,400 ni 720, zinabaki 13,680. Wapo wanaopinga kwamba walinzi wangeajiriwa hata kama mwenye jengo angeishi kwingine, na bei ingekuwa ile ile. Hoja hiyo ina uzito, lakini hatuifuati. Mlango wake unalindwa kila usiku kama milango mingine, na kutetea kukatwa kwa 720 ni rahisi kuliko kutetea kutokatwa.

Simu haipimwi kwa mita za mraba. Hapa inafaa kuchukua orodha ya simu na data ya wiki mbili za kawaida, si wiki ya sikukuu wala wiki ya kutafuta wapangaji wapya, na kuweka alama kwa kila iliyohusu jengo. Katika mfano wetu kazi ilikuwa asilimia 40. VAT ya 1,600 inabaki 640. Karatasi ile yenye alama ihifadhiwe, kwa sababu asilimia isiyo na karatasi nyuma yake itachukuliwa kuwa ya kubuni. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kukaa miaka 5.

Mhasibu hafanyi kazi ya nyumbani kwa mwenye jengo. Zake 4,800 zinapita zote.

Baada ya ungo wa kwanza tuna 13,680 + 4,864 + 640 + 4,800, jumla 23,984.

Ungo wa pili: mauzo yaliyosamehewa

Kiasi hiki ni cha biashara, lakini ni cha maduka na fleti kwa pamoja. Kifungu cha 17(6) kinakigawa hivi:

```
A x B / C

A = VAT ya manunuzi ya pamoja      23,984
B = mauzo yanayotozwa VAT         480,000
C = mauzo yote ya mwezi           800,000

23,984 x 480,000 / 800,000 = 14,390.40
```

Mauzo yote ni maduka 480,000 pamoja na fleti 320,000. Uwiano ni 0.60.

Kifungu cha 17(7), kama kilivyotungwa 2013, kilisema uwiano ukizidi 0.90 mtu hudai A nzima, na ukiwa chini ya 0.10 hadai hata senti ya A. Sisi tuko katikati, kwa hiyo haituhusu. Mwenye uwiano ulio karibu na mipaka hiyo asome maandishi ya sheria yanayotumika kwa mwezi wake, maana Sheria ya Fedha ya kila mwaka hupenda kugusa vifungu vya VAT.

Kinachodaiwa sasa ni VAT ya maduka moja kwa moja, 24,000, na sehemu ya pamoja, 14,390.40. Jumla ni 38,390.40. Ukiitoa kwenye VAT ya mauzo ya 76,800, kodi ya mwezi ni 38,409.60.

Duka moja limepangwa na taasisi iliyoteuliwa na KRA kuwa wakala wa kuzuia VAT. Wakala huyo huzuia asilimia 2 ya thamani isiyo na VAT, yaani 1,600 kwenye pango la 80,000, na kuipeleka KRA mwenyewe. Mwenye jengo anapokea benki 91,200 badala ya 92,800. Hiyo 1,600 ni kodi yake iliyotangulia kulipwa. Cheti chake kikishaonekana kwenye iTax, kinachobaki kulipwa kufikia tarehe 20 Juni ni 36,809.60. Kosa la kawaida hapa ni kuandika mauzo kwa kurudi nyuma kutoka kwenye 91,200 iliyoingia benki. Pango la duka lile linabaki 80,000 na VAT yake inabaki 12,800, hata kama fedha zimepita njia mbili. Vivyo hivyo kwa duka lililochelewa kulipa: ankara ikishatolewa, VAT yake ni ya mwezi huo, na pango lake linaingia kwenye B na C.

Pale hesabu inapoharibika

Kosa kubwa ni kupitisha kila kitu kwenye uwiano bila kuchambua. Mtu huchukua 80,800 nzima, anazidisha kwa 0.60, anapata 48,480, na kutangaza kodi ya 28,320. Inaonekana ni ya haki kwa kuwa kitu fulani kimekatwa. Lakini amedai asilimia 60 ya sofa, ya gari na ya rangi ya fleti, na papo hapo amejinyima asilimia 40 ya mageti ya maduka ambayo ni haki yake nzima. Makosa hayo mawili yanavutana, na mwishoni amelipa pungufu kwa 10,089.60. Mwezi ambao matengenezo makubwa yako madukani, kosa hilo hilo litamfanya alipe zaidi ya anachodaiwa, na hatatambua.

Kosa la pili ni kuruka ungo wa kwanza. Ukiingiza 27,200 badala ya 23,984, unadai 16,320. Tofauti ni 1,929.60 kwa mwezi, ndogo kiasi kwamba hakuna anayeiona. Kwa mwaka inafika 23,155.20, na KRA kwa kawaida inaweza kurudi nyuma miaka 5 kutathmini upya. Ikifika huko, riba ya asilimia 1 kwa mwezi inakuwa imekaa juu yake muda wote.

La tatu liko kwenye uwiano wenyewe. B na C ni thamani bila VAT. Anayeandika mauzo ya maduka kama 556,800, kwa sababu ndizo fedha wapangaji walizolipa, anapata uwiano wa 0.635 na kudai karibu 840 zaidi. VAT si mauzo yake. Anaishika tu kwa niaba ya serikali. Amana ya mpangaji mpya, ikiwa ni ya kurudishwa, nayo si mauzo, hivyo haiingii juu wala chini.

Kuna wanaokosea kwa kujiumiza. Wanaona fleti ya mwenyewe haina pango, wanaipachika 32,000 ya kukisia kwenye C ili "kuiwakilisha". Uwiano unashuka hadi 0.577. Lakini hakuna mauzo yaliyofanyika, na sehemu ya fleti hiyo imeshaondolewa kwenye ungo wa kwanza. Kuiweka tena kwenye C ni kukatwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Wengine hutaka kugawa ungo wa pili kwa mita za mraba, kwa kuwa walizitumia kwenye wa kwanza. Kwa eneo, maduka yote ni 720 kati ya 1,600, asilimia 45, na kwa thamani ni asilimia 60. Vipimo hivi viwili vinajibu maswali mawili. Eneo lilitusaidia kukadiria faida ya fleti isiyo na bei. Kugawa kati ya mauzo yanayotozwa na yaliyosamehewa, sheria imetaja thamani, na katika jengo hili thamani inamfaa mlipakodi.

Mwezi ukibadilika

Uwiano wa 0.60 ni wa Mei tu. Fleti 4 zikikaa wazi Juni, mauzo yaliyosamehewa yanashuka hadi 192,000, jumla inakuwa 672,000, na uwiano unapanda hadi 0.714. Duka moja likifungwa na fleti zikiwa zimejaa, maduka yanaleta 400,000 kati ya 720,000, na uwiano ni 0.556. Kwa hiyo asilimia ya mwezi uliopita isinakiliwe. Asilimia za ungo wa kwanza ndizo zinazoweza kukaa muda, mradi mita ndogo isomwe kila mwezi na orodha ya simu irudiwe maisha ya nyumbani yakibadilika.

Badiliko linalowashtua wenye majengo ni la wageni wa muda mfupi. Msamaha unahusu nyumba ya kuishi, na sheria imeitoa hoteli na malazi ya likizo katika maana hiyo. Fleti 2 zikichukuliwa kutoka kwa wapangaji na kupewa wageni wa siku tatu tatu, mapato yake yanatozwa asilimia 16, yanaingia kwenye B, na VAT ya mashuka na vitanda vyake sasa inadaiwa. Maegesho ya magari yanayolipiwa nayo hayamo katika msamaha, hata kama anayelipa ni mpangaji wa fleti. Mwenye jengo anayeendelea kuyaandika mapato haya kama pango lililosamehewa anakosea pande zote: anadaiwa VAT ya mauzo ambayo hakuitoza, na anapoteza ya manunuzi ambayo angeidai.

Ankara inapoingia mlangoni

Kazi hii huwa nyepesi au nzito kutegemea kilichofanyika siku ankara ilipopokelewa. Alama moja ya kalamu inatosha: M kwa maduka, F kwa fleti, P kwa pamoja, B kwa binafsi. Kwenye P unaongeza asilimia ya binafsi na kipimo ulichotumia. Tarehe 18 ya mwezi unaofuata hakuna anayekumbuka mikebe ya rangi ilipanda juu au ilibaki chini.

Fundi akifanya kazi maduka na fleti kwa pamoja, mwambie akate ankara mbili, au moja yenye mistari miwili inayotaja sehemu ya jengo. Ankara moja ya "ukarabati wa jengo, 250,000" inalazimisha VAT yote ya 40,000 ipite kwenye uwiano, udai 24,000. Ikiwa kazi ya maduka ilikuwa 200,000, VAT yake pekee ni 32,000. Mstari mmoja wa maelezo umekugharimu 8,000. Ununuzi wa nyumbani nao usipewe PIN ya biashara kabisa, kwa sababu ukishaingia kwenye eTIMS utakuja umejazwa kwenye ritani, na kuukumbuka kuutoa ni juu yako.

Muda pia una mpaka. VAT ya manunuzi inadaiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwezi wa ununuzi, na muuzaji awe ameitangaza ankara hiyo kwenye ritani yake. Ankara ya mageti isipoonekana kwenye iTax, anayefuatwa ni fundi, na afuatwe mapema: katika hesabu ya Mei, ankara yake peke yake ilibeba 24,000 kati ya 38,390.40 zilizodaiwa.